"Tunafuatilia, bosi"
Asubuhi hii wakala wetu wa forodha kajibu wasapu yangu: "Tunafuatilia, bosi." Basi. Hakuna nukta nyingine. Huyu bwana akiniita bosi najua kuna hela inataka kunitoka.

Kontena la vigae tulilochangishana mimi na wenzangu limelala bandarini Dar, na kila kunapokucha mita mbili zinasoma. Moja ni storeji, inadaiwa na bandari kwa kukalia uwanja wao. Nyingine ni demareji, inadaiwa na kampuni ya meli kwa sababu lile bati ni lao nasi tunaliweka. Ukimuuliza wakala deni limefika wapi, anakutajia jumla moja tu, kubwa, kwa sauti ya msiba.

Nikasema yatosha, naandika barua pepe rasmi. Nikavaa shati. Nikaandika kurasa mbili, kichwa cha habari "MZIGO WANGU", nikaanza na uhuru wa nchi hii, nikapita kwenye heshima ya mteja, nikamalizia na Mwenyezi Mungu. Mama watoto alinisikiliza nikiisoma, akasema "mh". Mimi nilijua ni mh ya kuguswa.

Sasa kwa bahati mbaya akaingia mpwa wangu, kijana anayeshinda kwenye ofisi za uwakala huko mjini.

"Mjomba, hii ni ya nani?"

"Ya wakala."

"Mzigo upi?"

"Wangu! Si nimeandika?"

"Mjomba, yule dada anayepokea barua anazo barua za 'Mzigo wangu' kuanzia Januari. Namba ya kontena iko wapi?"

Nikampa ile aliyotuma wakala mwenyewe: CSQU3504383. Akaiingiza kwenye ukurasa wa kampuni ya meli, ukaikataa. Akacheka. Kumbe tarakimu ya mwisho ya kontena ni mlinzi: inakokotolewa kutokana na herufi nne na tarakimu sita zinazotangulia, ukipindua mbili tu hesabu inagoma. Akafungua BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, namba ni CSQU3054383. Wakala kapindua. Wiki nzima mtu anafuatilia kontena ambalo halijawahi kuzaliwa!

Halafu akaiweka BL kando ya manifesti, yaani orodha ya mizigo ambayo wakala wa meli hupeleka forodha. BL kilo 25,600, manifesti kilo 26,500. Ugonjwa uleule wa kupindua. "Ndiyo maana limekwama, mjomba. Tamko letu la forodha, ile TANSAD, limefuata BL, mfumo unalilinganisha na manifesti, haviendani. Forodha hawatarekebisha wenyewe. Lazima wakala wa meli aombe marekebisho. Mwambie wako akamkabe huyo."

Akafuta uhuru. Akafuta heshima. Mwenyezi Mungu nilimpigania, naye akafutwa. Ikabaki hii:

*Kichwa: CSQU3054383, vigae, futi 20: marekebisho ya manifesti, jibu kabla ya Alhamisi saa 4 asubuhi*

*Habari za kazi. Uzito kwenye BL ni kilo 25,600, kwenye manifesti ni kilo 26,500. Naomba leo umtake wakala wa meli apeleke forodha ombi la kurekebisha manifesti, kisha unitumie nakala ya ombi hilo. Naomba pia mchanganuo wa storeji na demareji hadi leo, kila moja peke yake. Nimeambatanisha BL, ankara na orodha ya vifurushi. Namba za BL na TANSAD ziko chini ya jina langu.*

Hizo namba hapa siziandiki, mtaa una macho.

Nikamuuliza mpwa, hasira yangu iko wapi humu? Ananiambia iko kwenye "saa 4 asubuhi". Hivi mtu ataiona kweli? Mimi nataka asome atokwe jasho! Na kwa nini nakala ya ombi? "Kwa sababu 'tumeshaomba' ni maneno, mjomba, nakala ni karatasi." Haya.

Nimetuma. Jibu limekuja upesi mno, na safari hii halina bosi ndani: "Tumepokea, ombi linaandaliwa." Linaandaliwa na nani, wali?

Na hapo sijamgusa fundi. Fundi alibomoa sakafu ya bafu siku meli ilipotia nanga, eti "tusichelewe". Tunaoga kwa jirani kwa zamu, na jirani kaanza kuweka ndoo nusu. Jana kaniuliza kwa upole kama vigae vikibaki anaweza kupata vya jikoni kwake. Nimemwambia tunafuatilia.