Alama ya juu, kitufe kilichozimwa

“Skripti yangu inatafuta kitufe cha ‘Hifadhi’ kwenye picha ya skrini kwa `TM_CCOEFF_NORMED`, njia ya OpenCV ya kulinganisha picha. Inapata alama ya 0.99, inabofya, na hakuna kinachotokea kwa sababu kitufe bado kimefifia. Njia hii ni mbovu?”

Si mbovu. Imefanya kile ilichoundwa kufanya, ila hapa haikuhitajika.

Kiolezo, yaani kile kipicha kidogo cha kitufe, huwekwa juu ya kila sehemu ya picha kubwa. Kila mahali, pikseli za kiolezo hupunguzwa wastani wake, na za kipande kilicho chini yake hupunguzwa wastani wa kipande hicho. Kisha pande mbili huzidishwa pikseli kwa pikseli, jumla ikagawanywa kwa ukubwa wa mabadiliko ya kila upande. Jibu huwa kati ya -1 na 1. Kupunguza wastani kunafuta tofauti ya mwangaza, na kule kugawanya kunafuta tofauti ya ukali wa rangi. Kinachobaki ni umbo tu.

Sasa tuchukue kitufe chenyewe katika picha ya kijivu. Kikiwa hai, tuseme herufi zina thamani 30 na mandharinyuma 230. Kikizimwa, mandharinyuma hubaki 230 lakini herufi hupanda hadi 150. Tofauti imeshuka kutoka 200 hadi 80, lakini herufi ziko palepale. Ukizidisha kila pikseli ya kitufe hai kwa 0.4 na kujumlisha 138, unapata kitufe kilichozimwa: 30 inakuwa 150, na 230 inabaki 230. Badiliko la namna hiyo ndilo hasa njia hii imeapa kutoliona. Kwa hiyo alama kamili ingekuwa 1, na ile 0.99 ni kingo za herufi zilizolainishwa tofauti kidogo. Kupandisha kizingiti kutoka 0.9 hadi 0.95 hakutasaidia chochote.

Wanaoitetea wana hoja nzito, lakini hoja yao inatoka kwenye kamera. Kamera iliyofungwa juu ya mkanda wa kiwandani huona lebo ileile asubuhi, mchana na wingu likipita. Ukitoa pikseli moja kwa moja na kujumlisha tofauti, lebo ya mchana itaonekana kitu kigeni. Hapo usawazishaji huu wa mwangaza na ukali unalipa gharama yake, nami nisingeuacha.

Hata huko, hata hivyo, usawazishaji una deni. Kiolezo cha pikseli tatu, 10, 20, 30, kikiwekwa juu ya ukuta wenye 80, 81, 82, kinapata 1 kamili. Ukuta huo kwa macho ni mtupu. Una kivuli hafifu tu, lakini mgawanyo umekikuza. Kelele za kamera hupungua nguvu kiolezo kikiwa na pikseli nyingi, maana hufutana zenyewe. Kivuli kinachobadilika polepole hakijifuti. Ndiyo maana kiolezo laini, kisicho na kingo kali, hupenda kunasa kwenye kuta na anga. (Kiolezo cha rangi moja tupu ni kichekesho zaidi: OpenCV hurudisha 1 kila mahali.)

Dawa ni moja kwa kesi zote mbili. Alama imesahau ukali wa rangi, basi upime wewe mwenyewe baada ya kupata mahali:

```python
r = cv2.matchTemplate(picha, kiolezo, cv2.TM_CCOEFF_NORMED)
_, alama, _, (x, y) = cv2.minMaxLoc(r)
h, w = kiolezo.shape
uwiano = picha[y:y+h, x:x+w].std() / kiolezo.std()
```

Kwa kitufe chetu kilichozimwa `uwiano` utakuwa karibu 0.4, kikiwa hai, karibu 1. Ukuta wenye kivuli utatoa namba ndogo mno. Kizingiti cha 0.7 kinatosha kutenganisha hai na kilichofifia.

Lakini kwa skrini ningekwenda mbali zaidi. Picha ya skrini haipigwi na jua, na mtu akipunguza mwanga wa kioo, pikseli zilizonaswa hazibadiliki. Unanunua kinga dhidi ya ugonjwa usiokuwepo, na kuilipia kwa kutotofautisha hai na kilichozimwa. `TM_SQDIFF`, inayojumlisha miraba ya tofauti za pikseli bila kusawazisha chochote, inafaa zaidi: kila pikseli ya herufi iliyofifia inakosea kwa 120, na kosa hilo haliwezi kujificha. Kumbuka tu kwamba hapo bora ni thamani ndogo, si kubwa. Ukifanya kazi kupitia kompyuta ya mbali inayobana picha, acha nafasi ya makosa madogo, usidai sifuri.

Kuna kasoro moja ambayo kubadili njia hakuigusi. Mtumiaji akiweka ukuzaji wa skrini kwenye asilimia 125, kitufe cha pikseli 80 kinakuwa 100, na njia zote mbili zitakipita. Utaijua kwa kuwa alama bora inazorota na mahali pake panarukaruka kutoka picha moja hadi nyingine. Hapo punguza picha ya skrini hadi 0.8 ya ukubwa wake kwanza, au kata kiolezo kipya kwenye mashine hiyohiyo.