Mstari mtamu usiwekwe mwanzoni

Kila mwaka vita vya Kagera vinapokumbukwa, redio zetu hurusha kipande kilekile cha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sekunde chache, makofi, kisha muziki. Kwangu huo ni uhariri wa kivivu. Kijana asiyejua habari hizo husikia ukali tu. Anapigwa nani, na kafanya nini?

Mimi ninapohariri, nautafuta kwanza mstari huo kwenye kanda, kisha narudi nyuma. Natafuta mahali msemaji anapolieleza kosa lenyewe: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yamevuka mpaka na kuikalia ardhi ya Kagera. Kisha nasonga mbele kutafuta mstari unapoelekea, na hapo mara nyingi pana hazina iliyosahaulika. Katika hotuba hii Mwalimu anawageukia marafiki wanaoomba suluhu, anawaambia waache maneno hayo. Sasa kuna mwendo: kosa, uamuzi, na jibu kwa anayetaka kuuzuia. Dakika tatu zinatosha, utangulizi wa mtangazaji ukiwemo. Mtangazaji aseme tarehe na mahali, lakini hoja amwachie msemaji.

Kwenye kukata, Kiswahili kina mtego wake. Sentensi inayoanza na "hilo", "hao" au "huyu" inategemea jina lililotajwa nyuma. Ukilifyeka jina, msikilizaji anabaki akining'inia, na redioni hana pa kurudi. Ama uanze sentensi moja nyuma, ama mtangazaji alitaje jina hilo kabla kipande hakijaingia.

Halafu usiyaamini macho. Wimbi la sauti kwenye skrini linaweza kuonyesha kimya, kumbe sauti ya msemaji bado iko juu, anapanga mambo matatu na amefika la pili. Ukikata hapo, sikio linasubiri la tatu. Funga macho, sikiliza: sauti ikishuka na kutua, hapo ndipo pa kukata. Acha pumzi moja kabla ya sentensi inayofuata, maana mtu asiyepumua anasikika kama mashine. Vipande viwili vikikutana, vipishanishe kidogo sana, milisekunde 10 au 20, visigonge. Mvumo wa ukumbi ukibadilika ghafla hapo kwenye kiungo, chukua sekunde kadhaa za ukumbi uliotulia kutoka rekodi hiyohiyo uzitandaze chini yake.

Makofi nayaacha yapande, kisha nayashusha taratibu chini ya sauti inayofuata. Ila kuna jambo sikubali hata mhariri mkuu akikasirika: kuchukua makofi ya mstari mmoja na kuyabandika chini ya mwingine. Kufupisha ni ruhusa yetu. Kuamua ukumbi ulishangilia nini, hiyo si kazi yetu, na kanda nzima ikija kusikika siku moja, tutaulizwa.