Jumatatu ya Tarehe Mosi

Kazi yangu ni kuajiri watu katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa, upande wa Moi Avenue. Jina la ofisi naliweka mfukoni, kwa sababu bado nakula mshahara wake. Kosa lilikuwa langu peke yangu na nakubali kulibeba, mradi wenzangu waache kunionyesha kalenda kila ninapopita.

Mwezi wa Mei 2025 tulikuwa tukitafuta makarani wawili wa kuandaa hati za forodha. Tukawahoji watu tisa, tukawapata wawili: binti mmoja wa Likoni aliyekuwa hana kazi wakati huo, na kijana mmoja wa Kisauni aliyekuwa na kazi kwingine. Kilichobaki kilikuwa barua. Hapo ndipo mimi hujiona fundi.

Nieleze kwanza kwa nini nina kichaa cha uthibitisho wa maandishi. Mwaka uliotangulia nilimpigia simu jamaa mmoja, nikamwambia kazi ni yake, aje wiki ya pili. Akanijibu, "Inshallah." Sasa inshallah ya Mombasa ina vyumba vingi. Ipo ya "nitakuja", ipo ya "nikijaaliwa nauli", na ipo ya mtu aliyekwisha kukataa ila hataki kukuvunja moyo. Yake ilikuwa hiyo ya tatu. Sisi tumekwisha kuwajibu wengine kwamba nafasi imejaa, meza imepanguswa, na mtu haonekani. Bosi alininunia mwezi mzima. Tangu siku hiyo nikaapa: siku ya kuanza kazi natoa kwa barua, na mtu anijibu kwa barua, akitaja mwenyewe siku atakayokuja. "Sawa" siitaki. Dole gumba la simu silitaki.

Basi nikafungua kompyuta nitafute barua ya kuigia. Nani huandika barua ya ajira kutoka mwanzo? Nikaitoa ya mwaka uliopita, nikabadilisha majina, nikabadilisha mshahara, nikafika kwenye mstari wa siku ya kuanza. Ya zamani, kwa Kiingereza chetu cha ofisini, ilikuwa inasema: utaanza kazi Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, saa mbili asubuhi. Nikafuta 4, nikaweka 5. Tarakimu moja tu. Nikajisifu kwa wepesi wangu, nikaagiza kahawa na kaimati.

Mwenye kalenda karibu naye na aitazame. Tarehe 1 Julai 2024 ilikuwa Jumatatu kweli. Tarehe 1 Julai 2025 ni Jumanne. Jumatatu yake ni tarehe 30 Juni, yaani mwezi mwingine, na kwa watu wa hesabu ni mwaka mwingine wa fedha. Mimi nilikuwa nimetia sahihi barua mbili zinazomwita mtu kazini siku ambayo haipo duniani.

Nikazituma Jumanne, tarehe 27 Mei, na chini nimepiga mstari: thibitisha kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Jumatano kimya. Alhamisi nikawapigia wote wawili kuwakumbusha. Ijumaa asubuhi nikawapigia tena. Yule kijana akasema, "Bosi, naandika sasa hivi," kwa sauti ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

Majibu yakaingia. La kijana lilisema: "Nimekubali kazi. Tarehe mosi Julai nitakuwapo bila kukosa." La binti lilikuwa hivi, na nalinakili neno kwa neno kwa sababu bosi alinisomesha mara tatu: "Shikamoo. Nimepokea barua na nimekubali masharti. Nathibitisha kuwa nitaripoti Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa mbili asubuhi. Naona tarehe 1 Julai ni Jumanne, hivyo nimeishika siku iliyotajwa. Nikiwa nimekosea naomba unisahihishe."

Unaona? Mtoto wa watu amesoma, ameona kosa, ameamua, na amenipa mlango wa kujitoa. Mimi nikaona neno "nathibitisha", moyo ukatulia. Nikawajibu wote wawili jibu moja: "Asante sana. Imepokelewa. Karibu kwetu." Nikachapa, nikatia kwenye faili, nikafunga droo kwa ufunguo. Siku nne za kuwafukuza watu wanijibu, na majibu yenyewe sikuyasoma.

Sasa njoo Jumatatu, tarehe 30 Juni. Mkenya yeyote mwenye PIN ya KRA anajua hiyo ni siku gani: ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi za mwaka, na mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa sijawasilisha. Saa mbili na robo nipo saiba moja Mwembe Tayari, kwenye foleni ya watu thelathini waliokumbuka siku moja na mimi. Mtandao wa iTax umelala. Kijana wa saiba anasema, "Inazunguka, inazunguka," na sote tunaangalia kile kiduara kinavyozunguka. Simu ikalia. Bawabu wetu.

"Mwanangu, kuna mgeni wako hapa. Asema ni mfanyakazi."

"Mzee, leo sina mfanyakazi mgeni. Wangu waja kesho. Mwambie amewahi kwa siku moja, arudi kesho."

Nikasikia wanazungumza. Kisha bawabu akarudi kwenye simu, sauti imepoa. "Ana barua yako, imeandikwa Jumatatu. Na hapa kwenye simu yake umemwambia karibu kwetu."

Jasho likanitoka, na saiba ile ilikuwa na feni. Nikamwambia amkalishe, nakuja. Lakini nilikuwa nimebakisha watu sita mbele yangu, na kutoka kwenye foleni ile tarehe 30 Juni ni kazi ya mtu mwenye pesa za faini. Nikabaki.

Yaliyotokea ofisini nimeyapata kwa mapokezi. Binti alikaa kwenye benchi la wateja. Bosi akaingia saa tatu, akamwona mtu nadhifu mwenye faili mkononi, akadhani ni mteja wa kontena. Akamkaribisha chumbani kwake, akamwagizia chai na mahamri, akaanza kumwomba radhi kwa kuchelewa kwa mzigo. Binti akajaribu kusema, bosi akamkatiza, "Usiwe na wasiwasi dada, hati zako zitatoka leo." Wakafika mpaka bosi anaeleza kwamba tatizo ni meneja wake ambaye siku hizi hamakiniki. Hapo binti akafungua faili, akatoa barua, akaiweka mezani.

Nilipofika saa saba mchana, risiti ya ritani imekunjamana mkononi, bosi alikuwa amesimama chini ya kalenda ya ukutani, ile ya duka la vyakula vya jumla. "Njoo unisomee mstari huu," akasema. Nikasoma. "Sasa nionyeshe kwenye kalenda hii Jumatatu ya tarehe mosi Julai." Nikaitafuta, wallahi niliitafuta kweli, kidole kikishuka kwenye safu ya Jumatatu kama mtu aliyepoteza jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Nikajitetea kwamba arudi kesho tu, yaishe. Bosi akasoma jibu la binti, akasoma na la kwangu. Ubishi ukaisha hapo. Mtu ametaja tarehe 30 Juni, ameomba asahihishwe ikiwa amekosea, nami nimemkaribisha. Ofisi ilikuwa imekubali kwa maandishi niliyoyadai mwenyewe. Na siku ya kuanza si pambo la barua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka itajwe kwenye mkataba wa maandishi, kwa sababu vingi vinahesabiwa kutoka hapo: miezi mitatu ya majaribio tuliyoandika sisi, likizo ya mwaka, na mshahara wa kwanza.

Mshahara wa kwanza ndio uliomleta mhasibu. Mama huyu hufunga hesabu za mishahara tarehe 25, na akishafunga hata Shetani hatii mguu. Nikamwambia polepole kwamba Juni imepata mfanyakazi mpya, wa siku moja. Akavua miwani.

Mshahara wa binti ni shilingi 39,000. Sisi hugawa kwa siku za mwezi, kwa hiyo siku moja ya Juni ni 1,300. Mhasibu akaanza kukata huku akinitazama mimi badala ya karatasi. NSSF asilimia 6, ni 78. Ushuru wa nyumba asilimia moja na nusu, 19.50. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75, ambayo ingekuwa shilingi 35 na senti, lakini kiwango cha chini kabisa kwa mwezi ni 300. Kwa hiyo 300 ikatoka kwenye 1,300 bila kujali kwamba mtu mwenyewe alikaa kwenye benchi na kula mahamri. Kikabaki 902.50. Na kwa hiyo siku moja, mama wa watu afungue tena orodha ya Juni na kupeleka makato kabla ya tarehe 9 Julai. Aliniambia neno ambalo silirudii hapa.

Jumanne, saa mbili kasoro dakika tano, kijana wa Kisauni akaingia, shati limepigwa pasi hadi linakata. Bosi akamngoja mlangoni. "Mwenzako alikuja jana. Wewe umechelewa siku nzima."

Kijana akatoa barua yake, akaweka kidole kwenye "tarehe 1 Julai". Kisha akaeleza jambo ambalo ningelijua kama ningeuliza: notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri wake wa zamani aliitoa mwisho wa Mei, baada ya kushika barua yangu mkononi, na notisi hiyo iliisha tarehe 30 Juni. Hiyo Jumatatu alikuwa bado wa watu wengine. Kila mmoja aliuchukua upande wa mstari uliomfaa, na barua yangu ilikuwa na nafasi ya wote.

Bosi akaniamuru niandike barua za marekebisho papo hapo, kila mtu na siku yake, na wathibitishe kwa maandishi. Nikaandika ya kijana: Jumanne, 1 Julai 2025. Nikaandika ya binti: Jumatatu, 30 Juni 2025. Nikazituma. Jibu la binti likaja kabla sijanyanyua kikombe. Kidole kikaenda chenyewe kwenye "Asante sana. Imepokelewa", nikakirudisha. Nikalisoma lote. Nikalisoma tena neno moja moja, nikasimama, nikaenda ukutani kulilinganisha na kalenda, nikarudi. Sikuona kosa, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaenda hadi mezani kwake, hatua tatu tu.

"Samahani binti, una hakika ni Jumatatu, tarehe 30 Juni?"

Akainua macho kutoka kwenye hati zake. "Ilikuwa jana, meneja."