Kamaliza mionzi, mpongeze! Ila "umepona" muachie dokta

Shosti wangu kamaliza matibabu ya saratani ya matiti mwezi uliopita, na siku hiyo simu yake ilijaa meseji mpaka ikaanza kuganda. Mi nilikuwa nimekaa nae kwenye kochi akawa ananisomea moja moja. Zile zilizomchekesha zilikuwa zinataja kitu alichokifanya kweli, "leo hakuna foleni tena mama!", basi anacheka mpaka anashika kifua. Zile zilizomfanya aweke simu kifudifudi nyingi zilianza na "hatimaye umepona kabisa" alafu maua kumi na moto na bendera sijui za nini.

Najua mtu akiandika hivo anatoka kwenye upendo, sibishi. Lakini ngoja nieleze nini hasa kimeisha siku ile, maana watu wengi hawajui na hapo ndo meseji zinapoteleza.

Kwake yeye ilikuwa hivi. Kwanza kemo nane, moja kila baada ya siku 21. Nne za mwanzo ndani yake kuna ile dawa nyekundu ambayo ukitoka hapo hata mkojo unatoka mwekundu na usipoambiwa mapema unaweza kudhani unakufa. Nne za mwisho ni ya aina nyingine, ile inayoacha ganzi vidoleni mpaka kufunga kifungo cha blauzi inakuwa shughuli. Kila raundi kabla ya kutundikiwa dripu anatolewa damu kwanza, chembe nyeupe zikiwa chini anaambiwa rudi nyumbani uje wiki ijayo, na hiyo ya kurudishwa ndo iliyomliza kuliko sindano yenyewe maana mtu kashajiandaa, kashaomba ruhusa kazini, kashapata wa kumuachia watoto. Baada ya hapo upasuaji, titi la kushoto likatolewa na baadhi ya tezi za kwapani. Kidonda kikapona ndo ikaja mionzi, mara 15, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tatu. Kulala mezani kwenyewe ni dakika chache na hakuumi, kinachochosha ni kuamka alfajiri kila siku na kulinda zile alama za wino kifuani zisifutike ukioga.

Sasa hiyo ndo imeisha. Jumla yake inakaribia mwaka mzima wa maisha ya mtu, na kwa kweli inastahili vigelegele na keki na kila kitu.

Ila siku hiyo hiyo anatoka pale na karatasi ya dawa. Uvimbe wake ulikuwa ule unaokula homoni, kwa hiyo anaanza tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5 na wengine wanaambiwa waende mpaka 10. Kidonge chenyewe kinakuletea joto la ghafla usiku unaamka shuka limelowa, hedhi inavurugika, na mimba haitakiwi kabisa ukiwa unakitumia. Klinik ni kila baada ya miezi mitatu mpaka sita kwa miaka ya mwanzo, baadae ndo inakuwa mara moja kwa mwaka. Alafu dokta hakumwambia "umepona", alimwambia "kwa sasa hatuoni ugonjwa". Mtu aliyetoka kusikia sentensi hiyo akaishika vizuri kabisa, unapomwandikia "kansa imeisha milele" unamlazimisha achague: akusahihishe, akuharibie furaha yako, au akujibu "amina" huku moyoni anahesabu miezi. Mi naona si haki kumpa kazi hiyo siku yake ya kupumzika.

Kingine ambacho hakisemwi, siku ya mwisho ya mionzi sio siku anayojisikia vizuri. Uchovu na ngozi ya kifua vinaendelea kuwa vibaya na mara nyingi vinafika kileleni wiki moja au mbili BAADA ya kumaliza. Yani ile ngozi inakuwa nyeusi, inawasha, kwapani inachubuka, hata sidiria haivaliki. Halafu sisi ndo tunataka Jumamosi hiyo hiyo tumvalishe sare tumkumbatie watu hamsini. Na kuna aunti mmoja alizuia wajukuu wasimkaribie eti bado ana mionzi mwilini. Jamani, hii mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, ikizimwa imezimwa, watoto wamkumbatie tu ila taratibu upande ule.

Sijui kama mmeshaona zile video za wenzetu wanagonga kengele wakimaliza matibabu. Ile ilianzia Houston Marekani mwaka 1996, mgonjwa mmoja aliyekuwa afisa wa jeshi la majini alileta kengele yake hospitalini, kwa mabaharia ukimaliza kazi unagonga. Inapendeza sana kutazama. Lakini mwaka 2019 kulitoka utafiti uliofanywa Los Angeles kwa wagonjwa wa mionzi, na waliogonga kengele walikuja kuyakumbuka matibabu yao kuwa machungu zaidi kuliko wasiogonga, watafiti wakahisi ule mzuka wa siku ya mwisho unagandisha kumbukumbu wakati mwili bado uko hoi. Na mi naongeza langu, kwenye benchi lile lile kuna mtu ambaye dawa zake hazina siku ya mwisho, anaisikia kengele ya mwenzie kila wiki. Sisemi watu wasisherehekee, nasema muulizeni mwenyewe lini na kwa sauti kiasi gani.

Hapo kwenye benchi ndo panaponifanya pia niwe mgumu na neno "shujaa, umeishinda kansa". Shosti wangu alianza kemo na mwanamke mmoja wa rika lake, walikuwa wanagawana ndimu za kunusa wakati wa dripu. Yule hakufika raundi ya sita. Kwa hiyo ukimwambia huyu kashinda kwa sababu ni mpambanaji, ye anamfikiria yule, sasa yule alikuwa mvivu? Hivo hivo na "Mungu kakuponya kwa imani yako kubwa". Mimi siko kwenye lile kundi linalosema usimtaje Mungu kwa mgonjwa, hapana bana, hapa kwetu meseji isiyo na "tumshukuru Mungu" inaonekana imeandikwa na benki. Shukuru tu. Ila ishia kwenye kushukuru, usianze kueleza Mungu alikuwa anapima nini kwa nani.

Kuhusu mwili ntasema kidogo. "Umenenepa, sasa umepona!" mara nyingi ni zile dawa za kuzuia kutapika na mzio zenye steroidi ndani, zinavimbisha uso na kuongeza hamu ya kula. "Umepungua, umependeza" hii sihitaji kuieleza. Na nywele zikirudi laini na zimejikunja tofauti, subiri azitaje mwenyewe. Kama hujui useme nini kuhusu mwili wa mtu, usiseme chochote, sifa zipo nyingi.

Na status! Kabla hujabandika picha yake na kilemba na "pongezi kwa kuishinda saratani ya matiti" hebu uliza bosi wake anajua? Mama mkwe anajua ni ugonjwa gani? Kuna watu wameambia nusu ya ukoo ni "uvimbe tu" na wana sababu zao.

Basi mi meseji yangu ilikuwa hii, kaniruhusu niiweke:

"Shostiiii! Ile ya kumi na tano imepita!!! Kesho hakuna daladala ya saa kumi na moja alfajiri, hakuna foleni, na huo wino wa kifuani ukitaka usugue na dodoki ukishapona ngozi 😂 Nimepiga kigelegele ofisini mpaka mhasibu akamwaga chai. Kemo nane, kisu, mionzi yote, umepita kila kimoja na mi nimekuona. Namshukuru Mungu kwa siku ya leo. Usinijibu, lala. Jumamosi naleta samaki wa nazi, ntagonga geti, ukiwa umelala namwachia dada naondoka zangu. Sherehe tutapanga ngozi ikitulia na ukitaka wewe, ukisema watu watano tutakuwa watano, ukisema ukumbi natafuta ukumbi. Nakupenda mno mwaya."

Utaona sijaahidi chochote cha mwakani. Kila nilichokishangilia kimeshatokea na hakuna dokta anayeweza kukifuta, hata Mungu apishie mbali majibu ya baadae yakija vibaya ile meseji bado itakuwa kweli. Pale niliposema "Mungu kwa siku ya leo" nilifuta mara mbili maana mkono ulikuwa unataka kuandika "kwa kukuponya", umezoea. "Usinijibu" niliiweka makusudi, mtu aliyechoka vile akiwa na meseji arobaini za kujibu ni adhabu. Na msaada nimeutaja kwa jina, samaki, Jumamosi, getini, kwa sababu "ukihitaji chochote niambie" ni kumpa mgonjwa kazi ya kufikiria akuombe nini, na hataomba.

Kuna wanaoniambia sasa ukiwa mwangalifu hivo si furaha inaisha? Wala. Angalia hiyo meseji, ina alama nne za mshangao na mhasibu kamwaga chai. Furaha inakaa vizuri sana kwenye vitu vidogo vya kweli, kinachoharibu ni kutaka kufunga hesabu ambayo yeye mwenyewe hajaifunga.

Alinijibu kesho yake saa nne, "nimelala mpaka sasa hivi, samaki awe changu sio kibua." Sherehe tukafanya wiki ya nne, watu tisa, hakuna hotuba, yeye mwenyewe ndo aliomba muziki upunguzwe maana joto la tamoksifeni lilikuwa limempanda akahamia karibu na feni na sahani yake.

Klinik yake ya kwanza iko karibu, na hapo ndo naona watu wengi tunapotea, tukishakula keki tunadhani tumemaliza. Siku chache kabla ya klinik mtu hali, halali, kila kikohozi ni kesi. Kama uliandika meseji ya pongezi weka na tarehe hiyo kwenye simu yako, alafu usimwandikie "usijali majibu yatakuwa mazuri tu", mwandikie "ni lini tunaenda, nikufuate saa ngapi?" Shosti kasema saa kumi na mbili, na nije na chapati.