Sababu Zangu Zote ni za Kike

Jamani, nina ugomvi na Wajerumani, na safari hii si wa baridi wala wa mkate wao mgumu. Ni wa genitivu.

Wasioijua wamshukuru Mungu. Kijerumani kina hali nne za nomino, na genitivu ndiyo ya kumiliki. Gari la baba ni das Auto des Vaters: baba wa watu anavishwa des mbele, anabandikwa s nyuma. Basi jioni baada ya zamu, miguu imevimba, unakaa darasani na watu wazima wenzako mnakariri kama watoto wa madrasa: des Vaters, des Hauses, des Regens. Ukidhani umeielewa, anatokea mgonjwa wa kiume, der Patient, naye hataki s, anataka en: des Patienten. Kwa nini? Ndivyo alivyo. Mimi nalea wazee, kwa hiyo huyo wa kwenda kinyume ndiye ninayemwandika kwenye ripoti kila siku.

Mwalimu wetu, mama mmoja mkali, alituambia kwamba wegen, yaani "kwa sababu ya", inafuatwa na genitivu. Umechelewa kwa mvua? Sema wegen des Regens. Tukaitikia.

Kesho yake mvua ikanyesha, nikafika kazini nimelowa, nikaitoa yote kama ilivyo: wegen des Regens. Wenzangu wakashusha vikombe vya kahawa. Mmoja akauliza kama nimekuja na wakili wangu. Yeye mwenyewe alikuwa amechelewa kuliko mimi, na kisa chake kilikuwa kifupi: wegen dem Regen. Dem! Dativu mtupu, ile hali ya anayepewa kitu, na hakuna aliyeshtuka. Kamusi ya Duden yenyewe inajua kwamba watu wanasema hivyo. Inaandika tu kwamba ni lugha ya mazungumzo. Mimi nalipia ada ya kozi nifundishwe kitu ambacho nikikitumia nachekwa!

Hao ni vijana. Wazee ninaowalea, wenyeji wa bonde la Ruhr hili hili, wamekwenda mbali zaidi. Kigari cha kutembelea cha babu hawakiiti der Rollator des Großvaters hata ukiwanyima chai. Kwao ni dem Opa sein Rollator, yaani "babu, kigari chake". Miwani ya bibi ni der Oma ihre Brille, "bibi, miwani yake". Nilipoisikia mara ya kwanza nilitaka kumkumbatia aliyesema, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosema kwetu tukiwa na haraka: babu fimbo yake iko wapi? Nikaipeleka darasani kwa furaha. Mwalimu akashika kichwa. Hiyo, akasema, haiandikwi popote. Ukishindwa genitivu, basi angalau sema der Rollator vom Opa, weka von na dativu yake, watu wenye heshima zao watakuvumilia.

Haiandikwi popote? Kuna maandishi ya karne ya 10 yaliyopatikana Merseburg, maneno ya uganga wa kumtibu farasi aliyeteguka. Ndani yake mna demo Balderes volon sin vuoz, mwanafarasi wa Balder, mungu wao wa kale, mguu wake. Hebu itazame: Balder kapewa genitivu yake, Balderes, na papo hapo mwanafarasi kapewa dativu na "wake" juu, sawasawa na babu na kigari chake. Wataalamu wengine wanasema pale mwanafarasi hamiliki mguu, anapatwa tu na balaa la mguu. Wabishane wao. Ninachoona mimi ni kwamba dativu haikuingia jana.

Sasa usije ukasema kwamba genitivu imekufa, ukaacha kuisoma. Majina ya watu inayashikilia barabara: Annas Brille, miwani ya Anna, hata mtoto wa chekechea anasema. Lakini akiwa Thomas, ambaye tayari ana s yake mkiani, genitivu inageuka alama ya kuandikwa tu, Thomas', sikio halisikii kitu, na watu wanakimbilia die Brille von Thomas. Pia iko kwenye misemo iliyokwisha kuganda, kama eines Tages, siku moja, anayoisema kila mtu bila kujua kama kuna hali hapo. Na kuna mahali ambapo hata waandishi wakubwa hawana budi kuiacha. Mama wa watoto watano ni Mutter von fünf Kindern, kwa sababu hapo hakuna neno la kuibeba genitivu ikaonekana.

Makao yake makuu, lakini, ni bahasha. Mimi nilipata barua kutoka ofisi moja, sitaitaja, ikisema ombi langu limekwama wegen des Fehlens der Unterschrift des Vermieters. Kwa sababu ya kukosekana kwa saini ya mwenye nyumba. Genitivu tatu zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara! Nikaisoma kwenye basi, nikaisoma kitandani. Mwisho nikapiga simu, na bwana yule yule aliyeweka jina lake chini ya barua akaniambia: "Da fehlt die Unterschrift vom Vermieter." Saini ya mwenye nyumba haipo. Kwa mdomo anajua kusema kama binadamu, akishika kalamu anapandwa na shetani.

Kwa hiyo nimetafuta njia yangu, na nawapa bure. Kwa Wajerumani hata vitu vina jinsia, na nomino za kike, zikiwa moja moja, zina der kwenye genitivu na der kwenye dativu. Ile ile! Wegen der Kälte, kwa sababu ya baridi: mwalimu anasikia genitivu, mwenzangu wa kahawa anasikia dativu, wote wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu hapo sababu zangu zote ni za kike. Sichelewi kwa ajili ya basi wala treni, der Bus na der Zug ni madume. Nachelewa wegen der Bahn, kwa sababu ya reli. Mvua ikinyesha nasingizia die Nässe, unyevunyevu. Daktari wangu ni mwanamume, kwa hiyo simtaji, nataja kliniki yake, die Praxis. Tatizo ni wingi: watoto ni wegen der Kinder kwa mwalimu na wegen den Kindern kwa wenzangu, kwa hiyo watoto wangu hawaruhusiwi kuugua wawili kwa mpigo.

Tena wapo wanaoogopa dativu hadi wanaikimbia pale ilipo na haki. Wanaona genitivu ni suti, wanaivaa hata jikoni. Neno trotz, "licha ya", zamani lilikwenda na dativu, na alama yake, ile dem, iko mpaka leo ndani ya trotzdem, "hata hivyo", lakini sasa ukiliandika na dativu unaonekana hukusoma. Hilo limeshapita, tumeshalizoea. Ila juzi msimamizi wetu kabandika tangazo mlangoni: zamu zote zifuatwe gemäß des Dienstplans, kulingana na ratiba. Gemäß inataka dativu, gemäß dem Dienstplan, na hapa mwalimu na Duden wako upande wangu. Kalamu nyekundu ninayo mfukoni, napita pale asubuhi na jioni, tangazo linanitazama. Sijaligusa. Bado niko kwenye miezi ya majaribio.