Daladala ya tiketi tatu

Kabla mtani wangu hajamaliza kuzunguka na toleo lake, naomba niweke wazi: sijafuta pesa ya mtu yeyote. Nasikia kwenye lile grupu la waliosoma pamoja habari imeshafika kwamba nimefuta malipo ya wateja wa duka zima. Uongo. Nilichofuta ni heshima yangu tu, na nilifanya hivyo mbele ya watu saba na runinga ya inchi 55.

Ilianza na chapati. Mnaofuatilia hapa mnajua sisi tunatengeneza programu ya kupokea oda na malipo ya simu kwa mzee mmoja mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kila tatizo au kazi tunaiandikia tiketi kwenye mfumo. Miaka inakwenda, kila mtu anafungua tiketi, hakuna anayefunga. Wiki mbili zilizopita tulihesabu tiketi 412 zilizo wazi. Bosi wetu, dada mpole lakini akikuangalia juu ya miwani unakiri hata usilolifanya, akasema nusu ya hizo ni pacha: kazi ileile imeandikwa na watu tofauti kwa maneno tofauti. Mimi na mtani tukapewa kazi ya kuzitafuta na kuziunganisha. Mimi nianze na za zamani nikishuka, yeye aanze na mpya akipanda, tukutane katikati.

Mtani akaongeza kipengele chake: atakayefunga pacha nyingi analishwa chapati na maharage wiki nzima kwa mama lishe wa nyuma ya ofisi. Dada wa huduma kwa wateja akakubali kuwa shahidi. Hapo ndipo akili yangu ilipoondoka, sikuiona tena hadi Alhamisi.

Niwaeleze kidogo, maana wengine mtadhani kutafuta pacha ni kusoma vichwa vya habari. Sivyo. Chukua hizi tatu, ambazo sasa naweza kuzitaja nikiwa usingizini. #31 iliandikwa na mhasibu: "Pesa imeingia, oda haionekani kulipwa." #344 iliandikwa na developa: "Hali inabaki PENDING baada ya majibu ya mtandao." #602 iliandikwa na dada wa huduma kwa wateja: "Risiti haitoki." Zitafute kwa maneno uone kama zitakutana. Hazina hata neno moja la maana linalofanana, kwa sababu kila mmoja ameandika anachokiona mezani kwake. Mhasibu anaona hesabu, developa anaona hali ya oda, na dada anaona mteja aliyesimama kaunta amekunja uso.

Na ugonjwa wao ni mmoja. Mteja anaandika namba yake ya simu ikianza na 0, kama tunavyoandika wote. Majibu ya malipo yanaporudi kutoka mtandao wa simu, namba ileile inakuja ikianza na 255. Programu yetu ilikuwa inatafuta oda kwa kulinganisha namba hizo mbili zilivyo, inakosa, inaiacha oda ikisubiri. Oda ikisubiri risiti haitoki, na mhasibu anabaki na pesa isiyo na mwenyewe. Sasa nenda kwa #590: "Risiti haitoki dukani." Kichwa kinafanana na #602 kama kulwa na doto. Ukiifungua ndani unakuta tawi moja limenunua printa ya karatasi ya milimita 58 wakati sisi tumepanga kila kitu kwa milimita 80. Haihusiani kabisa. Hiyo karibu niiunganishe nayo, nikajizuia, nikajipongeza kwa kupiga soda. Swali tulilokuwa tunajiuliza ni moja tu: nikirekebisha hii, ile inapona yenyewe? Ikipona ni pacha. Ukirekebisha namba za simu, printa ya tawi lile haitatema karatasi, basi si pacha.

Swali nililijua vizuri. Kilichonishinda ni kitu cha kijinga zaidi: ipi inabaki.

Kwenye GitLab, mfumo tunamotunzia tiketi zetu, ukitaka kuunganisha, unaingia kwenye ile tiketi unayotaka kuifunga, unaandika kwenye maoni:

```
/duplicate #31
```

Hiyo uliyomo inafungwa, na inaandikiwa kwamba ni pacha wa #31. Rahisi. Inafanya kile ulichoiambia, haikuulizi kama una akili timamu.

Jumanne asubuhi nikiwa kwenye eneo langu nikaingia #344, nikaifunga kuwa pacha wa #31. Kanuni yangu ilikuwa ya adabu za nyumbani: mkubwa ndiye anayebaki. Jumanne mchana mtani, akipanda kutoka chini, akafika #602. Ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko zote, ina picha za skrini, ina namba za oda nne, ina hatua za kurudia tatizo. Akatafuta ndugu zake, akaikuta #31 yenye sentensi moja ya mhasibu aliyeshaacha kazi, akaifunga #31 kuwa pacha wa #602. Kanuni yake: mwenye maelezo ndiye anayebaki. Na ukweli uchungu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini hatukuwa tumekubaliana kanuni. Tulikuwa tumekubaliana chapati tu.

Jumatano alikuwa ananizidi tiketi kumi na moja. Wewe unayenisoma ukitikisa kichwa, hujawahi kuziona zile chapati. Nikavuka mpaka. Nikaingia kwenye eneo lake, nikaiona #602 iko wazi, nikasema aha, hii naijua, developa aliieleza vizuri kule kwenye #344. Namba ilikuwa kwenye daftari langu. Sikuifungua #344 kuangalia kama bado iko hai, na mimi ndiye niliyeizika jana yake kwa mkono wangu. Nikaandika `/duplicate #344`, nikabonyeza, nikaongeza alama moja kwenye karatasi ya mashindano.

Hesabuni wenyewe. #344 imefungwa, inasema nenda #31. #31 imefungwa, inasema nenda #602. #602 imefungwa, inasema nenda #344.

Hakuna aliyegundua, kwa sababu tiketi iliyofungwa haionekani kwenye ubao, na ubao ulikuwa unapendeza. Kutoka 412 tulishuka hadi 287. Nilipiga picha ile namba nikaiweka status. Ndiyo, ile status. Wengine mliweka makofi, naomba mrudishe.

Alhamisi ya wiki iliyofuata mzee akaja mwenyewe. Suruali ya kitambaa, kofia, daftari gumu la mistari. Tukampa shikamoo, akakaa mbele kabisa. Kompyuta yangu ndiyo iliyounganishwa na runinga, kwa sababu mimi ndiye shujaa wa 287. Mzee akafungua daftari, akasema kwa upole, "Mimi nina jambo moja tu. Watu wanalipa, risiti haitoki. Mliniambia mnalishughulikia."

Dada bosi akasema, "Tumwoneshe mzee imefikia wapi."

Nikatafuta kwenye tiketi zilizo wazi. Hakuna. Nikasema, "Itakuwa imeunganishwa," kwa sauti ya mtaalamu. Nikatafuta kwenye zilizofungwa, nikaipata #602. Juu yake imeandikwa imefungwa, ni pacha, na pale pana kiungo. Nikamweleza mzee, huku nikimgeukia kama mwalimu, kwamba tunapokuta kazi mbili zinazofanana tunabakiza moja ili nguvu zisigawanyike, kwa hiyo kazi yake inaendelea humu. Nikabonyeza.

#344. Imefungwa, ni pacha.

"Naam, na hii nayo tuliiunganisha." Nikabonyeza.

#31. Imefungwa, ni pacha. Mzee akawa anaandika namba kwenye daftari. Niliisikia kalamu. Chumba kizima kilikuwa kimya na ile kalamu inakwaruza.

Hapa mwili uliniambia acha. Shingoni pakaanza joto. Pembeni ya jicho nikamwona mtani ameacha kutafuna bigijii, maana #31 aliifunga yeye na ameshaanza kukumbuka. Lakini mkono wangu una kiburi cha ukoo. Nikabonyeza.

#602.

Nikatazama skrini kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umebadilishwa rangi. Na badala ya kunyamaza, ndugu zangu, nikasema, "Ngoja kidogo," nikabonyeza tena. #344. Nikabonyeza. #31. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani moja itanionea huruma.

Mzee akainua kichwa kutoka kwenye daftari. Akaangalia namba zake, akaangalia runinga.

"Kijana," akasema, "hapa Buguruni si tumeshapita?"

Dada wa huduma kwa wateja ndiye aliyeanza. Alijaribu kuficha kwa kukohoa, ikatoka kama filimbi. Kisha mhasibu mpya. Kisha mtani, msaliti, akaweka kichwa mezani kabisa mabega yanatikisika. Mzee mwenyewe hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniua. Akauliza kwa nia njema kabisa, "Sasa katika hizi tatu, nani anafanya kazi?" Dada bosi akaniangalia juu ya miwani. Nikajibu, "Hakuna, mzee." Siku nane kazi haikuwa na mtu.

Yaliyofuata ni mafupi. Tuliifungua upya #602, tukahamishia humo maelezo ya developa kutoka #344, zile mbili zikaelekezwa kwake, namba zikarekebishwa ili zote zisomwe kwa 255 kabla ya kulinganishwa, na kufikia Jumatatu risiti zilikuwa zinatoka. Mtani na mimi tukapewa adhabu ya kupitia kila tiketi tuliyoifunga, 125, kuona inakoelekeza kuna uhai au kaburi. Tukakuta mzunguko mwingine mmoja wa tiketi mbili. Ule ni wake peke yake, na nimepiga picha.

Mashindano yakafutwa kwa kukosa mshindi, lakini shahidi wetu anasema chapati ziko palepale na mdaiwa ni mimi. Jana mtani amefungua tiketi: "Chapati za wiki moja hazijalipwa." Nimeifunga, ni pacha wa ile ya dada wa huduma kwa wateja, "Maharage yako wapi?" Safari hii nilifungua kwanza kuangalia kama iko wazi. Iko wazi. Imepewa kipaumbele cha juu, na mzee ameweka dole gumba.