"Sehemu" si biskuti mojamoja

Tulipokuwa safarini Japani, mwenzangu mwenye mzio wa karanga alikaribia kufungua pakiti ya biskuti mbele ya macho yangu, na hasira haijaniisha mpaka leo. Sina hasira naye. Programu ya kutafsiri kwenye simu ilimwambia "baadhi zina karanga", naye akaelewa kama ambavyo yeyote angeelewa: humu mna zenye karanga na zisizo nazo, nitachagua.

Lebo ilisema hivi: 一部に小麦・乳成分・落花生を含む. Hilo 一部に la mwanzo kweli ni "kwa sehemu", kwa hiyo siwezi kudai kwamba programu ilibuni neno. Lakini kwenye lebo za vyakula za Kijapani huo ni msemo uliokwisha kuwekwa, unaofunga orodha ya viambato. Maana yake ni kwamba miongoni mwa vitu vilivyotumika mna ngano, maziwa na karanga. Hausemi lolote kuhusu biskuti ipi iko salama. Mwenye mzio anapouona, pakiti nzima inarudi rafuni.

Ndiyo maana nasema usiiachie programu kazi ya kuamua. Kabla ya safari, pata maandishi ya kitu kinachokudhuru kutoka kwa mtu anayeijua lugha. Karanga ni 落花生 au ピーナッツ. Dukani, geuza pakiti, tafuta sehemu yenye 原材料名, yaani viambato, kisha piga picha iliyotulia na uitafsiri hiyo. Kamera inayotafsiri papo hapo hubadilisha maneno kila mkono unapotikisika, hasa kwenye karatasi inayong'aa au iliyokunjamana. Halafu linganisha maumbo kwa macho yako mwenyewe, na usome orodha yote, kwa sababu mara nyingine onyo huwekwa kwenye mabano baada ya kiambato kimoja kimoja badala ya mwishoni.

Linganisha neno zima. Anayeogopa maziwa akishika 乳 peke yake atashtuka akiona 乳化剤, ambacho ni kiungo cha kuchanganya mafuta na maji, na si lazima kitokane na maziwa. Angalia pia mwisho wa sentensi: 含む ni "ina", 含まない ni "haina". Herufi chache zikikatwa na ukingo wa picha, jibu limegeuka.

Vyakula vinavyopimwa au kufungwa hapo hapo dukani huenda visiwe na lebo hii kabisa, uliza.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Sheria ya huko inalazimisha kutajwa vitu vichache tu, vikiwemo kamba, kaa, jozi, ngano, nafaka ya soba, mayai, maziwa na karanga. Ufuta na lozi viko kwenye orodha ya vinavyopendekezwa tu. Kwa hiyo mwenye mzio wa ufuta anaweza kutafsiri lebo yote bila kosa hata moja, asiuone ufuta, na bado akawa ameushika mkononi.